Jinsi ya kumwandikia daktari dawa mpya inapokuletea madhara

Kabla ya kuandika, jikague kwanza. Uso, midomo au ulimi ukivimba, ukipumua kwa shida, kifua kikibana au ukizimia, usiandike chochote. Nenda hospitali mara moja na ubebe boksi la dawa.

Kama hali inaweza kusubiri jibu, weka boksi mbele yako. Ukiandika "ile dawa ya presha", daktari atalazimika kukuuliza ni ipi. Nakili jina na miligramu kama zilivyoandikwa, useme unameza mara ngapi kwa siku na ulianza tarehe ngapi. Tarehe humwonyesha kama tatizo lilikuja baada ya dawa au lilikuwepo tangu zamani.

Kisha eleza tatizo kwa namna inayomsaidia kuamua. Chukua mfano wa amlodipini, dawa ya presha inayotanua mishipa ya damu. Kwa baadhi ya watu, kutanuka huko hufanya maji yavuje kutoka kwenye mishipa midogo na kutuama miguuni. Uvimbe wake kwa kawaida huwa wa miguu yote miwili, na huzidi jioni. Mguu mmoja tu ukivimba na kuuma, huenda damu imeganda kwenye mshipa, na hilo ni la kwenda hospitali siku hiyohiyo. Kwa hiyo "yote miwili" humwambia daktari mengi kuliko "imevimba sana".

Ujumbe wenyewe uwe hivi:

"Habari za kazi, daktari. Mimi ni (jina kamili), miaka 54, namba ya faili (namba). Tarehe 3 nilianza amlodipini miligramu 10, kidonge kimoja kila asubuhi. Tangu tarehe 11 vifundo vya miguu yote miwili vinavimba. Asubuhi hupungua, jioni viatu vinanibana. Sina maumivu, napumua vizuri. Presha leo asubuhi ni 134/82. Natumia pia diklofenaki ya mgongo niliyojinunulia. Amlodipini sijaiacha. Je, kidonge cha kesho asubuhi nimeze, au nije unione kwanza?"

Sentensi ya diklofenaki ndiyo watu wengi huificha, na inanisikitisha, maana inaweza kubadilisha jibu lote. Dawa za maumivu za aina hiyo huzuia maji mwilini na hupandisha presha, hivyo huenda daktari akaanza kwa kukuondolea hiyo. Taja na dawa za mitishamba.

"Sijaiacha" nayo ina kazi. Ukiacha kimyakimya, presha inaweza kupanda tena, na daktari akadhani dawa haifanyi kazi. Kama umeshaacha, sema ni tangu lini, hakuna aibu.

Swali liwe moja, tena litaje dozi inayofuata. Jibu lisipofika kabla ya muda wa dozi hiyo, piga simu kliniki, au muulize mfamasia ukimsomea ujumbe uleule.