Wasifu wa Muuzaji Unaoaminika: Jinsi Tulivyoandika wa Mama wa Omena

Kazi yangu hapa Kisumu ni kuwasaidia wafanyabiashara wadogo kuandika maelezo ya biashara zao kwenye simu. Wengi huja na aya ndefu iliyojaa sifa. Mama mmoja anayeuza omena, dagaa wa Ziwa Victoria, alikuja na hii:

"Sisi ni wauzaji bora wa omena safi na tamu Kisumu nzima. Tunajali wateja wetu na tunatoa huduma ya hali ya juu kwa bei nafuu. Ubora ndio nguzo yetu. Karibuni nyote!"

Omena yake ni nzuri kweli, lakini watu wa Nakuru na Eldoret walikuwa wakimwandikia, wakiuliza maswali mawili matatu, kisha kimya. Maneno hayo hata anayeuza omena yenye mchanga angeweza kuyaandika. Nitakuonyesha tulivyoyaandika upya, hatua kwa hatua. Tulitumia WhatsApp Business, ila njia ni hiyo hiyo popote unapouzia.

Hatua ya kwanza: soma maswali ya wateja waliopotea

Usianze kuandika. Fungua mazungumzo ya watu waliouliza bei wakaondoka bila kununua, kama thelathini hivi, na uandike kwenye daftari kila walichouliza kabla ya kunyamaza. Nakili kwa maneno yao wenyewe.

Kwa mama huyu yalijirudia matano. Iko na mchanga? Si chungu? Gorogoro yako ni kilo ngapi? Itafika Nakuru lini? La tano liliulizwa kwa kuzungukazunguka: "Wewe uko wapi haswa?" Anayeuliza hivyo anataka kujua atakupata wapi pesa yake ikipotea.

Hakuna hata mmoja aliyeuliza kama yeye ndiye bora Kisumu nzima. Kwa hiyo wasifu wake ulipaswa kujibu hayo matano, na mengine yote yakatoka.

Swali la gorogoro lilitufanya tupime. Watu wengi huliita kopo lile la kilo mbili, kwa sababu likijaa mahindi hufika kilo mbili. Omena kavu ni nyepesi. Tulipomimina gorogoro lake moja kwenye mizani, halikufika hata kilo moja. Mteja wa mbali akiahidiwa gorogoro, akilini anahesabu kilo mbili, na mzigo ukifika anaona ameibiwa ingawa hakuna aliyemwibia. Mama aliamua papo hapo kwamba wateja wa mbali atawauzia kwa kilo tu.

Hatua ya pili: jina liwe moja

Kabla pesa haijatoka, M-PESA humwonyesha mteja jina la anayelipwa. Hapo ndipo biashara nyingi hufia. Mimi mwenyewe niliwahi kumpoteza mnunuzi wa Eldoret kwa sababu wasifu wangu ulikuwa na jina la duka na namba ya malipo ilikuwa ya shemeji yangu. Alighairi hapo hapo, na simlaumu.

Jina la wasifu likitofautiana na la malipo, una njia mbili: badilisha moja lifanane na lingine, au mwambie mteja mapema ataona jina gani. Mama alikuwa na namba ya Lipa na M-PESA iliyosajiliwa kwa jina lake kamili, basi tukaweka jina hilo pamoja na neno "Omena" kwenye wasifu. Jina la Kiingereza la kupendeza alilokuwa ametungiwa na mpwa wake tuliliacha.

Hatua ya tatu: andika maelezo mafupi

Kwenye WhatsApp Business, nafasi ya maelezo ya biashara inachukua herufi 512, pamoja na nafasi kati ya maneno. Zinatosha kama kila sentensi inajibu swali. Haya ndiyo tuliyoandika:

"Omena kavu ya kula, kutoka ufuo wa Luanda K'Otieno, Siaya. Naianika kwenye vichanja vya neti, si mchangani. Nauza kwa kilo: nusu, moja au tano. Jumapili niko soko la Kibuye, Kisumu. Njoo uishike kabla ya kununua. Nje ya Kisumu natuma kwa matatu Jumatatu na Alhamisi. Nauli ya mzigo ni yako. Mbalamwezi ikiwa kali omena huwa chache na bei hupanda. Nitakwambia kabla hujalipa. Ukikuta mchanga, nitumie picha siku hiyo hiyo, narudisha pesa."

Neno "safi" halimo, wala "tamu", wala "bora". Badala ya "safi" kuna kichanja cha neti, kitu ambacho mtu anaweza kuja kukiona. Badala ya "tunajali wateja" kuna ahadi yenye masharti: picha, siku hiyo hiyo, pesa zinarudi. Na anayeuliza uko wapi amepewa soko na siku. Hata kama yuko Nakuru na hatakuja kamwe, ana binamu Kisumu anayeweza kupita Kibuye Jumapili.

Sentensi ya mbalamwezi mama hakuitaka. Aliniuliza, "Sasa mwanangu, si nitawafukuza?" Nilimweleza hivi. Omena huvuliwa usiku kwa taa. Samaki huifuata taa ndipo wavu unawazingira. Mwezi ukiwa mpevu, ziwa lote lina mwanga na taa haivuti kama kawaida, hivyo mavuno hupungua. Kila muuzaji wa kweli wa omena anajua hilo, na tapeli hajui. Mnunuzi anayekutana na sentensi hiyo anaelewa kwamba anaongea na mtu wa ziwani. Tena bei ikipanda wiki hiyo, hakuna atakayehisi amepandishiwa yeye peke yake.

Bei yenyewe usiiweke kwenye maelezo. Iweke kwenye katalogi, kando ya picha ya kila pakiti, ambako ni rahisi kuibadilisha. Bei ya zamani iliyosahaulika kwenye maelezo huanzisha ugomvi na mteja ambaye bado hujamuuzia chochote.

Hatua ya nne: hadithi ya biashara, uamuzi mmoja tu

Hapa ndipo watu hujisifu zaidi, kwa sababu wanadhani hadithi ni historia ya maisha yao tangu utotoni. Mnunuzi anataka kujua kwa nini unafanya kazi yako namna unavyoifanya. Tafuta siku moja uliyobadilisha kitu kwenye biashara, na sababu yake. Nilimwuliza mama, "Vichanja ulianza lini, na kwa nini?" Akanisimulia, nami nikaandika karibu kama alivyosema:

"Nilianza kwa kuanika omena mchangani kama majirani zangu. Siku moja mteja wa Kibuye alirudi na gorogoro lake zima, akalimimina kwenye sufuria ya maji mbele yangu. Omena ikaelea, mchanga ukabaki chini. Nilimrudishia pesa. Mwezi huo nilinunua mbao na neti nikajenga kichanja cha kwanza. Leo ninavyo sita. Kichanja hakizuii mvua. Omena ikinyeshewa kabla haijakauka huwa chungu, kwa hiyo naiuza kama chakula cha kuku kwa bei yake. Haiingii kwenye pakiti zako."

Basi. Sehemu inayoshika ni ile sufuria ya maji. Mnunuzi anaiona, na kesho anaweza kuijaribu mwenyewe jikoni kwake. Hadithi imemkabidhi kipimo cha kumkagua muuzaji, na muuzaji asiye na uhakika na omena yake hawezi kuthubutu kufanya hivyo.

Mwisho wa hadithi nao una kazi. Karibu kila anayeuza omena hupata iliyonyeshewa, na sehemu kubwa ya omena huishia kwenye chakula cha mifugo. Ukisema unakoipeleka mbovu, mtu anaamini ulichosema kuhusu nzuri.

Ukishaandika yako, ifanyie jaribio hili. Soma kila sentensi na ujiulize kama muuzaji wa meza ya pili anaweza kuisema bila kubadilisha neno. Ikiwa anaweza, ifute. Rasimu yetu ya kwanza ya hadithi ilikuwa na sentensi kumi na tatu. Nne zilianguka hapo, zikiwemo "napenda kazi yangu" na "Mungu amenisaidia". Ya pili ni kweli kabisa kwa mama, na anaisema kila siku sokoni, lakini kwenye wasifu haimsaidii mnunuzi kumtofautisha na mwingine.

Hatua ya tano: picha na vibali

Piga picha nne kwa simu yako: kichanja chenye omena, mkono wako umeshika omena kwa karibu, pakiti juu ya mizani namba zikisomeka, na meza yako Kibuye. Usichukue picha mtandaoni hata kama inapendeza. Mtu akiitafuta na kuikuta kwenye ukurasa wa muuzaji wa nchi nyingine, kila sentensi uliyoandika imekufa.

Kuhusu vibali, andika ulicho nacho mkononi tu. Mtu akitaja alama ya ubora ya KEBS, mnunuzi anaweza kutuma SM# na namba ya kibali kwenda 20023 akajua kama ni ya kweli. Mama hakuwa na kibali hicho, kwa hiyo hatukugusa neno hilo. Shuhuda za wateja nazo omba ruhusa kwanza, na ufiche namba na jina kabla ya kuweka picha ya mazungumzo.

Hatua ya sita: rudi kwenye daftari

Baada ya wiki mbili, fungua tena mazungumzo na uhesabu maswali yale yale. Swali likiendelea kuulizwa, jibu lake kwenye wasifu halieleweki au limefichika chini sana. Swali la mchanga kwa mama lilikuwa karibu limekwisha. La "itafika lini" liliendelea, kwa sababu tulikuwa tumeandika siku za kutuma bila kusema siku ya kufika. Tukabadilisha: "Natuma Jumatatu na Alhamisi asubuhi, Nakuru unachukua stejini jioni hiyo hiyo."

Pia likazuka swali jipya ambalo hatukuwa tumelifikiria. Uvuvi wa omena hufungwa kwa miezi kadhaa kila mwaka, kwa kawaida kuanzia Aprili, ili samaki wazaane. Mwanamke mmoja wa Nakuru aliandika mwezi wa Mei: "Mama, uvuvi si umefungwa, hii unauza ni ya lini?" Lilikuwa swali la haki. Mama alimjibu kwamba ni ya akiba, iliyokaushwa mwezi wa Machi na kuwekwa kwenye magunia makavu. Jioni hiyo akanipigia simu tuongeze mstari mmoja, na sasa kila pakiti kwenye katalogi yake imeandikwa mwezi iliokaushwa.