Kufupisha kitabu cha jenereta kiwe karatasi moja, hatua na maonyo yakiwa mahali pake

Mwenye saluni jirani yangu alinunua jenereta ndogo ya petroli, akaniomba nimfupishie kitabu chake kiwe karatasi moja ya kubandika ukutani, ili kijana wake awashe na kuzima bila kumpigia simu kila umeme unapokatika. Nikaandika haraka haraka. Karatasi ilianza hivi: "Angalia mafuta. Fungua mafuta. Vuta choki. Vuta kamba."

Kijana akaangalia mafuta. Akafungua kifuniko cha tenki, akaona petroli imejaa, akaendelea. Kumbe kitabu kilikuwa kinasema oili. Jenereta ilikuwa mpya, na nyingi husafirishwa zikiwa kavu kabisa, bila oili ndani. Bahati yake ile ina kihisi kinachozuia injini kuwaka oili ikiwa chini, kwa hiyo alivuta kamba mpaka mkono ukamuuma, basi. Isingekuwa na kihisi, injini ingenoki siku ya kwanza. Neno moja langu, "mafuta", lilikuwa limemeza vitu viwili. Nimelirudia somo lote hapa kwa jenereta hiyohiyo.

Hatua ya 1: Soma chote, usiandike bado

Chukua penseli na kalamu nyekundu. Kwa penseli, weka namba kwenye kila kitendo cha mkono: fungua, mimina, vuta, zungusha. Kwa kalamu nyekundu, zungushia kila onyo. Utagundua kwamba maonyo mengi yamerundikwa kurasa za mwanzo, mbali na vitendo vyake. Katika kitabu changu, kukatazwa kujaza petroli injini ikiwa ya moto kulikuwa mwanzoni kabisa, na maelezo ya kujaza petroli yalikuja kurasa kumi na kitu baadaye. Mtu anayefupisha sura ya "jinsi ya kujaza" peke yake hatakutana na onyo hilo kabisa.

Andika maonyo yote pembeni kwa namba. Mimi nilipata 14.

Hatua ya 2: Lipeleke kila onyo kwenye kitendo chake

Onyo linakaa juu ya hatua, kamwe si chini yake. Anayefuata karatasi hasomi mpaka mwisho ndipo atende. Anasoma mstari, anatenda, anarudi kwenye mstari unaofuata. Ukiandika "Fungua tenki" halafu chini yake "Hakikisha injini imepoa", kifuniko kishafunguliwa.

Machache hayana hatua moja, yanahusu muda wote jenereta inapofanya kazi. Hayo yanakaa juu kabisa ya karatasi, na yasizidi matatu. La kwanza kwa jenereta ni moshi wake: una monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu, na inaua. Kwenye karatasi ya saluni niliandika wazi: "Mvua ikinyesha, USIINGIZE jenereta ndani, stoo wala barazani." Kitabu kilisema tu iendeshwe nje, lakini mimi najua kijana angeiingiza wapi.

Usibadilishe uzito wa maneno pia. Vitabu vingi vina madaraja: HATARI ni kifo au majeraha makubwa yasipozuiwa, ONYO ni kwamba yanaweza kutokea, TAHADHARI ni majeraha madogo. Ukiyaita yote "zingatia", umelisawazisha la kuua na la kuchubua kidole.

Hatua ya 3: Andika kwa mfuatano wa mikono

Hapa ndipo wengi tunateleza. Kitabu kinasema: "Washa injini baada ya kuhakikisha hakuna kifaa kilichounganishwa." Kwa mwenye haraka, neno la kwanza ni "washa", na mkono uko kwenye kamba tayari. Igeuze: "1. Chomoa vifaa vyote. 2. Washa injini." Kila unapokutana na "kabla ya" au "baada ya" kwenye rasimu yako, vunja sentensi iwe mbili, la kutangulia litangulie.

Angalia na viambishi vyako. "Injini ikipoa" inaweza kusomwa kama "wakati inaendelea kupoa". "Injini ikishapoa" haina utata.

Hatua ya 4: Kata, lakini jua usichokata

Shukrani za kununua bidhaa, garantii, orodha ya vipuri na historia ya modeli vyote viende. Visivyokatwa ni namba, "usi-", "ikiwa", "mpaka" na muda wa kusubiri. Hatua mbili zenye kusubiri katikati haziunganishwi. "Zima, jaza petroli" ni fupi sana, ila kilichokatwa hapo ndicho kilichokuwa kinazuia moto.

Sehemu yangu iliyokamilika ilitoka hivi:

KUZIMA
1. Zima mashine zote za saluni.
2. Chomoa plagi kwenye jenereta.
3. Acha injini izunguke bila mzigo dakika 3.
4. Zima swichi ya injini.
5. Funga koki ya petroli.

KUJAZA PETROLI
HATARI: Petroli ikigusa injini ya moto inalipuka moto. Usijaze injini ikiwa inazunguka au ina joto. Usiwe na sigara wala moto karibu.
1. Zima kama hapo juu.
2. Subiri mpaka injini iwe imeshapoa.
3. Fungua kifuniko cha tenki, jaza mpaka alama nyekundu. Usipitishe.
4. Funga kifuniko.
5. Ikiwa petroli imemwagika, futa na usubiri ikauke. Ndipo uwashe.

Hatua ya 5: Hakiki kwa kurudi nyuma

Rudi kwenye orodha ya maonyo 14 na uweke tiki kwa kila moja lililoko kwenye karatasi. Langu la 9 halikuwepo. Kisha mpe karatasi mtu ambaye hajaona kitabu, injini ikiwa baridi na koki imefungwa, aoneshe kwa kidole kila atakachogusa. Wewe nyamaza. Akikuuliza kitu, karatasi ndiyo yenye kosa.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mwalimu, kitabu changu kinasema "mbali na madirisha" bila kutaja mita. Niandike ngapi?*

Usijitungie namba kwa jina la kitabu. Tume ya usalama wa bidhaa ya Marekani, CPSC, inashauri angalau futi 20, yaani kama mita 6, na ekzosi ielekezwe upande usio na nyumba. Unaweza kuiandika, ila sema kwamba imetoka kwao.

*Ndugu, kitabu changu kimetafsiriwa vibaya. Ukurasa mmoja unasema kijiti cha oili kizungushwe ndipo upime, mwingine unasema kisizungushwe. Nichague upi?*

Usichague. Kipimo kinatofautiana kwa njia hizo mbili, na utajaza oili pungufu au kupita kiasi. Angalia mchoro kwanza, kwa kuwa mara nyingi tafsiri haikuugusa. Mchoro usiposaidia, uliza muuzaji ukitaja namba ya modeli. Mpaka ujibiwe, karatasi isibandikwe.

*Bosi anataka niongeze hatua za kuchomeka jenereta kwenye soketi ya ukutani ili iwashe nyumba nzima. Kitabu kinakataza. Niweke pamoja na onyo?*

Hapana, dada. Umeme unarudi kwenye laini ya barabarani na unaweza kumuua fundi anayedhani imezimwa. Waya wenye plagi pande zote mbili nao unaacha pini za umeme wazi mkononi. Kinachotakiwa ni swichi ya kubadilishia iliyofungwa na fundi umeme. Kwenye karatasi andika katazo peke yake, bila hatua hata moja ya namna ya kufanya.