Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kusoma Taarifa Redioni kwa Mara ya Kwanza

Chapa taarifa kwa maandishi makubwa, upande mmoja wa karatasi, na usiruhusu sentensi ianzie ukurasa huu na kuishia ule. Isome kwa sauti kabla ya kushika penseli. Tumia alama chache: mkwaju mmoja kwa kutua kidogo, miwili kwa kutua kwa muda mrefu zaidi, herufi V juu ya mstari mahali pa kuvuta pumzi, na mstari chini ya neno la kukazia.

Mahali pa pumzi ndipo panapohitaji uangalifu mkubwa kuliko pengine pote. Mwenye hofu hupumua juu juu kifuani, kwa hiyo sentensi aliyoimaliza nyumbani kwa pumzi moja itamkatikia katikati mbele ya kipaza sauti. Katika kituo kimoja cha redio nilimsikia msomaji mgeni akipewa tangazo hili: “Mkutano wa wazazi wa shule zote mbili za kata yetu haukuahirishwa kwa sababu ya mvua, bali kwa sababu walimu wakuu wameitwa wilayani.” Alikuwa ameweka V kwenye mkato tu. Alipofika kwenye “haukuahirishwa” pumzi ilimwishia, akatua, akavuta hewa, kisha akaendelea. Wazazi waliosikia hadi hapo waliamini kwamba mkutano upo, na baadhi yao walitembea kwenye matope hadi shuleni wakakuta milango imefungwa. Binti yule alilia, ingawa kosa lilikuwa kwenye karatasi aliyokabidhiwa.

Sentensi ya namna hiyo haiponywi kwa alama peke yake. Ivunje kwanza, ndipo uiwekee alama:

V Mkutano wa wazazi <u>umeahirishwa</u>. // V Sababu si mvua. / Walimu wakuu wameitwa <u>wilayani</u>. //

Pale usipoweza kuivunja, chora upinde unaounganisha maneno yasiyopaswa kutenganishwa, kisha weka V kabla ya upinde huo. Ujaribu ukiwa umesimama, mara tu baada ya kutembea haraka; ukikatikiwa na pumzi, ongeza V nyingine kwenye kiungo cha maana kilicho karibu.

Katika kukazia, neno moja kwa sentensi linatosha, nalo liwe lile lenye habari mpya. Angalia sana kanushi: mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, hivyo “ha” ya mwanzo humezwa kwa urahisi, na “hatafika” ikasikika “atafika”. Izungushie duara, na utue kidogo kabla yake.

Usiongeze alama dakika za mwisho, maana jicho halitazizoea. Panga kurasa kwa namba, usizibane kwa pini, zima simu, na uwe na maji yasiyo baridi karibu nawe.