Mambo ya kuzingatia kabla ya kuisomesha mashine ukurasa uliopauka

Ukurasa wenyewe ulikuwa kumbukumbu za kikao, zilizopigwa chapa zamani na wino ukapauka. Niliupiga picha kwa simu, kivuli cha mkono wangu kikaangukia upande wa kulia. Mimi niliusoma bila shida. Programu ya kutambua maandishi ikanirudishia hivi: "na wajumbe wakazithibitisha kikao kilichopita". Hakuna neno lililokosewa hapo. Shida ni kwamba nusu ya kwanza imetoka mstari wa pili, na nusu ya mwisho imetoka mstari wa kwanza.

Kwa hiyo anza na mwinamo. Kabla ya kusoma herufi, programu hutafuta mistari, na kazi hiyo ni nyepesi pale ambapo kati ya mstari na mstari kuna ukanda mweupe uliolala sawa. Picha yangu ilikuwa imeinama nyuzi 2 tu, kiasi ambacho jicho hukisamehe. Lakini mstari wenye upana wa pikseli 2,000 ukiinama nyuzi 2, mwisho wake hushuka takriban pikseli 70 chini ya mwanzo wake. Nafasi kutoka mstari hadi mstari ilikuwa pikseli 50. Maana yake, ukienda mlalo kutoka mwanzo wa mstari wa pili, ukifika kulia unakutana na maneno ya mstari wa kwanza. Programu nyingi huvumilia mwinamo kidogo, ila wino ukiwa hafifu zinakosa alama za kutosha za kujua mstari unaelekea wapi.

Kupima ni rahisi: angalia mstari mmoja umeshuka pikseli ngapi, gawa kwa upana wake, kisha zidisha kwa 57. Hapa 70 kwa 2,000 inakupa nyuzi 2. Ukitumia programu ya picha ya ImageMagick, yenyewe hukadiria pembe:

```
magick picha.jpg -deskew 40% nyoofu.png
```

Dawa hii hutibu ukurasa uliozunguka, basi. Kama simu ilishikwa kwa mshazari, mistari ya juu na ya chini haiendi sambamba, na kuzungusha hakutasaidia. Hapo tumia kifaa cha kuvuta pembe nne za karatasi hadi ziwe mstatili.

Kontrasti ifuate baada ya kunyoosha. Kuzungusha picha hukadiria upya kila pikseli kutokana na jirani zake, na rangi za kijivu kwenye kingo za herufi ndizo zinazofanya makadirio hayo yatoke laini. Ukishaigeuza picha kuwa nyeusi na nyeupe tupu halafu ndipo uizungushe, kingo zinatoka na meno kama msumeno.

Sasa, kontrasti yenyewe ina mtego. Programu kama Tesseract hugeuza picha kuwa nyeusi na nyeupe kabla ya kusoma, na kwa kawaida huchagua kizingiti kimoja kwa ukurasa mzima, yaani kiwango ambacho kilicho chini yake huwa cheusi na kilicho juu yake huwa cheupe. Kwenye kipimo cha 0 (nyeusi) hadi 255 (nyeupe), upande wangu wenye mwanga karatasi ilikuwa 220 na wino 150. Kwenye kivuli karatasi ilikuwa 130 na wino 80. Soma tena tarakimu hizo: karatasi ya kivulini ni nyeusi kuliko wino wa kwenye mwanga! Weka kizingiti 140, herufi za kushoto zote zinafutika na kulia panakuwa doa jeusi. Kusukuma kitufe cha kontrasti cha kawaida hakuondoi tatizo hilo, kwa sababu kinavuta pande zote mbili kwa kanuni ileile.

Kinachosaidia ni kulinganisha kila sehemu na karatasi iliyo jirani yake. Gawa wino kwa karatasi: 150 kwa 220 ni kama 0.68, na 80 kwa 130 ni kama 0.62. Karatasi pande zote inakuwa 1. Ghafla kizingiti kimoja cha 0.8 kinatosha ukurasa mzima. Kwenye programu za picha utaikuta kazi hii kwa majina kama kuondoa kivuli au kizingiti cha mahali.

Usizidishe, hata hivyo. Kuza picha uangalie herufi "e": kijistari chake cha kati kikikatika, itasomwa "c", mwanya wake wa kulia ukizibika, itasomwa "o". Ukiona la kwanza, umefuta wino pamoja na karatasi. Ukiona la pili, umekoleza kupita kiasi. Mimi hukagua pale kivuli kinapoanzia, hasa kwenye tarakimu, maana 3 na 8 zikibadilishana hakuna sentensi itakayokushtua. Na ikiwa hata ukikuza unaona karatasi tupu mahali pa herufi, piga picha upya kwenye mwanga ulioenea.