Jinsi ya kumwandikia fundi arekebishe kasoro kabla ya malipo ya mwisho

Mimi ni msimamizi wa ujenzi. Tuchukue nyumba ya vyumba vitatu Kigamboni: imepakwa rangi, fundi anaomba kukabidhi funguo na kulipwa shilingi 2,500,000 zilizobaki.

Kwanza, kagueni pamoja. Mwaga ndoo ya maji bafuni uone kama yote yanaishia kwenye tundu la kutolea maji. Gonga vigae kwa sarafu. Kinacholia kitupu hakikushika saruji chini yake. Fungua na ufunge kila mlango.

Pili, andika orodha. Kila kasoro ipe namba, mahali, kinachoonekana na kipimo cha kuthibitisha kuwa imekwisha, kisha weka picha yenye namba hiyo hiyo. "Bafu halijakaa vizuri" haimsaidii mtu. Andika hivi: "Na. 2. Bafu la chumba kikubwa: maji yanatuama kona ya mlangoni. Itahesabika imekwisha maji ya ndoo moja yakitoka yote bila kusukumwa." Usimwelekeze namna ya kutengeneza. Maji kutuama mara nyingi ni kosa la mteremko chini ya vigae, na huenda vigae vikalazimika kung'olewa. Ukimwambia apake silikoni, atapaka, maji yatabaki palepale, naye atakujibu kwa haki kabisa kwamba alifanya ulichoagiza.

Tatu, soma mkataba. Kama kuna kifungu kinachofunga malipo ya mwisho na marekebisho, kitaje kwa namba. Kama hakipo, usikibuni. Omba mkubaliane kwa maandishi ni kiasi gani kisubiri. Kushikilia fedha zote kwa sababu ya kitasa kimoja si haki, fundi naye ana vibarua wa kulipa.

Kisha tuma ujumbe mfupi, orodha ikiwa imeambatanishwa:

"Habari za kazi, fundi. Jumamosi tarehe 14 tulikagua nyumba ya Kigamboni pamoja, tukaona kasoro 6 zilizo kwenye orodha hii na picha zake. Naomba ziwe zimerekebishwa ifikapo Ijumaa tarehe 27. Jumamosi tarehe 28, saa 3 asubuhi, tutakagua tena. Kwa kifungu cha 7 cha mkataba wetu, zikiwa zimekwisha zote, nitakulipa shilingi 2,500,000 siku hiyo hiyo. Kama kuna namba usiyokubaliana nayo, naomba unijulishe kabla ya Jumatatu jioni. Asante."

Sentensi ya malipo ndiyo yenye uzito: inataja kiasi, sharti na siku, kwa hiyo fundi haoni kwamba anazungushwa. Ile ya mwisho huibua ubishi mapema, kabla muda haujaisha.

Siku ya marudio nenda na ndoo, sarafu na orodha ileile. Kasoro mpya usiiingize kwenye namba za zamani. Iandikie ujumbe wake. Kila namba iliyothibitika kuwa imekwisha, wekeni sahihi nyote wawili.