SOMO: Umepanda cheo au umemaliza uzamivu? Lini ubadilishe wasifu wako mfupi, na nini ukifute

Nimeamua kuliandika jambo hili mara moja, kwa sababu kila msimu wa mahafali ukikaribia naulizwa lile lile, kwa simu na kwa ujumbe. Kazi yangu mojawapo ni kukusanya wasifu wa watoa mada wa semina zetu, Unguja na Pemba. Nazungumzia wasifu mfupi, ule wa maneno 80 mpaka 100 anaousoma mshereheshaji kabla hujasimama. Wasifu kazi wa kuombea ajira ni kitu kingine, na humo hufuti kitu. Mfano wangu ni mwalimu wa chuo, kwani hao ndio wanaonisumbua zaidi.

Hatua ya 1. Shika barua mkononi, ya chuo au ya mwajiri. Kama huna barua, usiguse neno.

Hatua ya 2. Tenganisha sifa na cheo. Sifa unapewa na chuo ulichosoma, cheo unapewa na mwajiri wako, na viwili hivi haviji siku moja. Ukitunukiwa uzamivu leo hujawa Mhadhiri leo. Unabaki Mhadhiri Msaidizi mpaka mwajiri akuandikie, na pengine miezi itapita. Katika miezi hiyo wasifu wako sahihi ni "Dk. Fulani, Mhadhiri Msaidizi". Wengi wanaona haya kuandika hivyo, lakini ndivyo ulivyo. Barua ikifika, itazame tarehe cheo kinapoanza, maana mara nyingi si ile iliyoandikwa juu ya barua. Na kama unakaimu, andika "Kaimu". Usilifute neno hilo kwa kuwa tu umelizoea.

Hatua ya 3. Usijiite Dk. kabla ya wakati. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu nilianguka hapa mwenyewe.

Nilitetea tasnifu yangu, watahini wakanipa mkono, mwenyekiti wa jopo akaniita "Daktari" mbele ya watu. Usiku ule ule nikabadilisha wasifu na kuupeleka kwa waandaaji wa semina moja Chake Chake. Ukachapwa kwenye ratiba, na jina langu likaanza na "Dk." Asubuhi ya semina mzee mmoja, mwalimu mstaafu, alinifuata nje ukumbini na ratiba imekunjwa kwenye jina langu. Akaniuliza taratibu: "Mwanangu, umetunukiwa lini?" Sikuwa na tarehe ya kumpa. Nilikuwa nimefaulu kwa sharti la kufanya marekebisho, na marekebisho yale yalinichukua miezi saba. Katika muda huo wote ratiba ile ilikuwa mikononi mwa watu, na mimi si Dk. bado.

Kwa hiyo lijue hili: baada ya kutetea kuna marekebisho, kuna mtahini wa kuyathibitisha, kuna nakala ya mwisho ya tasnifu, kisha Seneti inaidhinisha, na katika vyuo vyetu vingi digrii yenyewe hutunukiwa siku ya mahafali. Soma kanuni za chuo chako ujue ni siku ipi inayohesabika. Kabla ya kuidhinishwa, andika "ametetea tasnifu ya uzamivu". Ikishaidhinishwa na barua unayo, andika "amekamilisha masomo ya uzamivu". Sentensi zote mbili ni za heshima, na hakuna atakayekuuliza tarehe.

Jambo jingine: ukishatunukiwa, chagua moja, ama "Dk." mbele ya jina ama PhD nyuma yake. Ukiweka vyote viwili unasema kitu kimoja mara mbili.

Hatua ya 4. Futa. Wasifu huu nililetewa na mwalimu mmoja alipopandishwa kuwa Mhadhiri. Ameniruhusu kuuonesha bila jina:

"Fulani ni Mhadhiri Msaidizi Idara ya Elimu na mtahiniwa wa uzamivu. Ana stashahada ya ualimu, digrii ya kwanza na ya uzamili. Ana uzoefu wa miaka 14. Alifundisha Baiolojia skuli ya sekondari. Ni mjumbe wa kamati ya mitaala. Amehudhuria mafunzo ya kompyuta na huduma ya kwanza."

Alitaka kuongeza tu "Dk." na "Mhadhiri". Tuliufanya hivi:

"Dk. Fulani ni Mhadhiri Idara ya Elimu. Tasnifu yake ya uzamivu inahusu namna wanafunzi wa kidato cha pili wanavyojifunza Baiolojia kwa Kiingereza, lugha wasiyoizungumza nyumbani. Kabla ya kuja chuoni alifundisha somo hilo skuli ya sekondari Micheweni, kuanzia 2010 hadi 2019."

"Mtahiniwa" limetoka, na hilo ndilo husahaulika kuliko yote. Nimeshaona wasifu wenye "Dk." mstari wa kwanza na "mtahiniwa wa uzamivu" mstari wa tatu. Stashahada na digrii za chini zimetoka kwa kuwa uzamivu umeshazibeba. Kamati imetoka kwa sababu muda wake ulikwisha. "Miaka 14" imetoka kwa kuwa hesabu hiyo huchakaa kila Januari, ilhali "2010 hadi 2019" haichakai. Micheweni imebaki, tena tumeitaja jina. Anazungumza na walimu wa Pemba kuhusu skuli za Pemba, na miaka ile ndiyo inayowafanya wamsikilize. Kazi ya zamani usiifute kwa kuwa ni ya chini. Ifute ikiwa haihusiani na utakayoyasema.

Hatua ya 5. Peleka nakala mpya kila ilipo ya zamani, na jina la faili liwe na mwezi na mwaka.

MASWALI

Mkaazi wa Jang'ombe: Nimetetea jana nimefaulu alhamdulillah, naweza kuanza kuweka Dk?

Mwandishi: Hongera. Soma hatua ya 3.

Mkaazi wa Jang'ombe: Nimesoma, ila marekebisho yangu ni madogo tu.

Mwandishi: Na yangu yaliitwa madogo. Subiri.

Mhasibu Mkoani: Mimi si wa chuo. Nimefaulu mitihani yote ya NBAA. Ni sawa sawa na hayo?

Mwandishi: Ni sawa, na umefanya vyema kuuliza. Kufaulu mtihani ni jambo moja, kusajiliwa na bodi ni jingine. Andika "amefaulu mitihani ya mwisho ya NBAA" mpaka usajiliwe, kisha tumia daraja lile lile lililoandikwa kwenye cheti cha usajili.

Mtu wa Tunguu: Nitumie mfano wa wasifu inbox.

Mwandishi: Upo hatua ya 4.

Mwalimu wa Wete: Samahani mwalimu, kwetu watu wananiita Maalim. Nikishakuwa Dk. nilifute?

Mwandishi: Usilifute, ndugu yangu. Kwenye ratiba ya chuo andika Dk. Ukialikwa na wazee wa skuli au madrasa, mwambie mshereheshaji asome Maalim. Ni jina walilokupa wao.

Mwalimu wa Wete: Ahsante sana. Na makala niliyoipeleka jaridani nikiwa chuo cha zamani, sasa nimehama. Nibadilishe?

Mwandishi: Jina la chuo kwenye makala libaki la pale utafiti ulipofanyika. Waombe wahariri waongeze tanbihi ya anwani yako ya sasa, wengi hukubali. Na kama una ukurasa wa ORCID, rejista ya watafiti mtandaoni, huko mambo ni kinyume cha wasifu mfupi: cheo cha zamani hakifutwi. Nenda sehemu ya Employment, fungua mstari wa kazi ile, jaza End date, kisha ongeza kazi mpya kwa mstari wake.