Kuomba likizo Uingereza: sheria uiweke wapi kwenye barua

Dada mmoja anayefanya kazi kwenye nyumba ya kulea wazee huku Uingereza alinionyesha barua pepe aliyotaka kumtumia meneja wake. Ilianza hivi: "Kisheria nina haki ya siku 28 na huwezi kuninyima." Nikamwomba asiitume kwanza. Maneno yale yalikuwa makali, na ubaya zaidi, hayakuwa sahihi.

Kanuni za Muda wa Kazi za mwaka 1998 zinampa anayefanya kazi siku 5 kwa wiki likizo ya malipo isiyopungua siku 28 kwa mwaka, na mwajiri anaruhusiwa kuzihesabu sikukuu za kitaifa humo humo. Siku ni zako, ila tarehe ni za kuelewana. Meneja anaweza kuzikataa tarehe ulizochagua akikujulisha mapema: idadi ya siku ulizoomba, kuongeza moja. Wewe nawe unatakiwa utoe taarifa mara mbili ya urefu wa likizo, na siku moja juu. Kwa wiki 3 za kwenda Mombasa, hiyo ni wiki 6 na siku 1. Mkataba unaweza kuweka muda mwingine, kwa hiyo uusome kabla ya kuandika lolote.

Hapo ndipo nilipomwonyesha pa kuiweka sheria. Badala ya kuitaja kama haki anayodai, aitaje kama wajibu aliokwisha kuutimiza. Tarehe 1 Septemba akatuma barua ambayo kwa Kiswahili ingesomeka hivi:

"Naomba likizo ya siku 15 za kazi, kuanzia Jumatatu 2 hadi Ijumaa 20 Novemba, nikamwone mama. Katika siku 28 za mwaka huu nimetumia 10, kwa hiyo zitabaki 3. Nimeandika mapema ili nitimize muda wa taarifa uliowekwa kwenye mkataba na kwenye kanuni. Mwenzangu wa zamu amekubali kunishikia wikendi mbili. Kama tarehe hizi zitaleta shida, naweza kusogeza kwa wiki moja. Naomba unijibu kabla ya 15 Septemba ili nikate tiketi."

Tazama sheria ilipokaa: katikati, sentensi moja, bila namba ya kifungu. Meneja anaiona, anajua mwombaji anazifahamu kanuni, lakini hana sababu ya kujihami. Siku ya kujibu nayo imefungwa na tiketi, jambo ambalo kila mtu analielewa.

Akikataa, usirukie vifungu. Mwombe kwa maandishi akutajie tarehe zitakazofaa kabla mwaka wa likizo haujaisha, kwa sababu siku zisizotumika huweza kupotea. Akikataa kila tarehe unayopendekeza, hapo ndipo pa kutaja kanuni kwa jina na kupiga simu Acas, wanaotoa ushauri wa kazi bila malipo. Barua zako za upole, zenye tarehe zake, ndizo utakazowasomea.